Mkasi Upite Wapi?

Mwanafunzi akiambiwa abainishe mofimu za neno hatutawapikia, jibu linalokuja mara nyingi ni ha-tu-ta-wa-pi-ki-a. Vipande vyake ni saba, na idadi hiyo ni sahihi kabisa. Msahihishaji aliyechoka anaweza hata kupitisha tiki bila kugutuka. Kosa liko mwishoni: mtoto amekata silabi, hakukata mofimu.

Kosa hilo lina chanzo chake. Tangu darasa la kwanza tunasomeshwa ba, be, bi, bo, bu, na silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwenye irabu. Mofimu haijali matamshi. Yenyewe ni kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana au kazi ya kisarufi, na mzizi wa kitenzi chetu cha asili ya Kibantu kwa kawaida huishia kwenye konsonanti. Mzizi wa pika ni pik, ambao hakuna mtu anayeutamka peke yake. Anayeusikiliza kwa sikio hataupata. Itabidi autafute kwa kulinganisha maneno.

Ndiyo maana napendelea zoezi la mkasi kuliko orodha ya istilahi ubaoni. Wanafunzi wakae wannewanne. Kila kundi lipewe mkasi na ukanda wa karatasi ya manila ulioandikwa neno zima kwa herufi kubwa. Sharti ni moja: hakuna kukata mpaka kundi lilete neno jingine linalotofautiana na la kwanza kwa kipande kimoja tu, kisha liseme ni nini kilichobadilika katika maana.

Tuanze na hatutawapikia. Kundi linaleta tutawapikia. Kilichopungua ni ha, na maana imegeuka kutoka kukanusha hadi kukubali. Mkasi upite baada ya ha. Analeta mwingine hamtawapikia: tu imekuwa m, wapishi si sisi tena bali ni ninyi. Hatukuwapikia inaitoa ta, kwa kuwa habari sasa ni ya jana. Hatutampikia inaitoa wa, kwa kuwa anayenyimwa chakula ni mmoja. Mpaka hapo silabi na mofimu zimekwenda sambamba, na darasa linadhani kazi imekwisha.

Sasa tubadili tendo lenyewe: hatutawaimbia, hatutawakatia. Upande wa kushoto hatutawa- haijaguswa, na upande wa kulia -ia imebaki palepale. Kinachopishana ni pik, imb na kat. Kwa hiyo mkasi unapita baada ya k, katikati ya silabi ki, na hapo ndipo ubishi huanza. Mwalimu asiharakishe kuukata. Aandike tu ubaoni hatutawapika na kuwauliza kilichotokea. Darasa litacheka, maana watu waliokuwa wanasubiri chakula sasa wamekuwa kitoweo! Irabu moja, i, ndiyo iliyowaweka mezani badala ya chunguni. Hicho ndicho kiambishi cha kauli ya kutendea, na baada ya kicheko hicho hakuna atakayedai kwamba ki ni kipande kimoja.

Inabaki a ya mwisho, ambayo ni kaidi kidogo. Haibadiliki peke yake. Hugeuka pamoja na kitu kingine cha mbele, kama katika hatuwapikii na tuwapikie. Tunajua ni kipande kwa sababu nafasi yake inashikwa na i au e. Ila vitenzi vingi tulivyovipokea kutoka Kiarabu, kama rudi, fikiri na samehe, havina a hiyo ya kubadilisha, na si haki kumlazimisha mwanafunzi aitafute.

Kiambishi hiki cha kutendea kinastahili kipindi chake. Wape wanafunzi vitenzi kumi na wavitie katika kauli hiyo bila kuwapa kanuni: pika, kata, funga, imba, ruka, soma, leta, cheza, omba, penda. Vitano vya kwanza vitatoa pikia, katia, fungia, imbia, rukia. Vitano vya mwisho vitatoa somea, letea, chezea, ombea, pendea. Baada ya kuyatazama makundi hayo wataona wenyewe kwamba mzizi wenye e au o huchukua e, na wenye a, i au u huchukua i. Ni mofimu moja yenye maumbo mawili. Kituruki, ambacho nacho huunganisha viambishi lakini hupachika vyake nyuma ya mzizi, kina tabia inayofanana na hii: ev ni nyumba na evler ni nyumba nyingi, lakini farasi, at, wingi wake ni atlar.

Kisha ongeza nunua, ondoa na zaa. Majibu ni nunulia, ondolea, zalia, na mtoto mwerevu atauliza l imetoka wapi. Haikutoka popote, ilikuwemo. Kiswahili kilikuwa na l mahali hapo, ikadondoka kati ya irabu mbili, lakini ikabaki kiambishi kinapofuata. Majirani zetu Waganda hawakuidondosha: kuzaa kwao ni kuzaala.

Zoezi gumu kuliko yote nalihifadhi kwa siku ambayo darasa limeshazoea mkasi. Ni ukanda wa hakukupenda. Kuna ku mbili zinazofuatana, zinazofanana kwa herufi na sauti. Zibadilishe moja moja. Hatakupenda inaondoa ya kwanza, na kilichobadilika ni wakati. Basi hiyo ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita. Hakunipenda inaondoa ya pili, na aliyebadilika ni mpendwa. Basi hiyo ni wewe. Umbo halikutosha kutuambia lolote, nafasi ndiyo iliyotuambia. Na mtendaji je, yuko wapi? Ukipanga hatukukupenda, hawakukupenda, hakukupenda, utaona kwamba baada ya ha pana nafasi ya nafsi, na a ya yeye imemezwa na a ya ha.

Hapo mwanafunzi mmoja ataleta anakula na kusema kwamba ku ni wewe, kama ilivyo katika anakupenda. Usimkatalie, mpe jaribio. Aweke ki mahali pa na: akikupenda, lakini akila. Katika neno la kwanza ku imebaki kwa sababu bila hiyo anayependwa hajulikani. Katika la pili imeondoka na mlo uko vilevile. Vitenzi vya silabi moja, kama la, nywa na fa, hubeba ku baada ya baadhi ya alama za wakati ili mkazo upate pa kuegemea, kwa kuwa neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Mkasi una mipaka yake. Kitabu kilikuja kutoka Kiarabu, na ki ile ilikuwa sehemu ya mzizi wake. Waswahili wakaisikia kama ki ya kiti, wakasema vitabu, na kwa sarufi ya leo kukata ki-tabu ni sahihi, chochote itakachosema kamusi ya asili ya maneno. Lakini mpe darasa hilohilo kilo. Hakuna muuza sukari anayepima vilo viwili.