Mstari Mmoja Chini ya Jina la Neema

Neema ana miaka 24 na anaishi Makambako, mkoani Njombe, pale barabara kuu ya kwenda Mbeya inapoachana na ile ya kwenda Songea. Ana shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, cha Morogoro. Nimemtunga mimi, ila yaliyompata sikuyatunga kutoka hewani, maana wahitimu wetu wengi wanayapitia kila mwaka, na wengi wanayapitia kimyakimya kwa sababu wanaona aibu kusema.

Alifungua akaunti ya LinkedIn akiwa mwaka wa mwisho chuoni. Mtandao huo ulianza mwaka 2003, na tofauti yake na mitandao mingine ni kwamba watu huingia humo kwa ajili ya kazi: mwenye ujuzi anaweka wasifu wake, mwajiri anapita akitafuta. Chini ya jina la kila mtu kuna mstari mfupi ambao kwenye skrini unaitwa Headline. Usipouandika mwenyewe, mtandao unakuandikia kutokana na shule au kazi uliyojaza. Kwa hiyo Neema alipohitimu na kurudi nyumbani, wasifu wake ulikuwa bado unamtangaza kuwa ni mwanafunzi, na mwajiri anayetafuta mtu wa kuanza kazi mwezi ujao humpita mwanafunzi bila kumfungua.

Miezi ilipopita bila mtu kumtafuta, akaubadilisha mwenyewe, kwa moyo mmoja kabisa:

```
Unemployed graduate | Hardworking | Looking for any job
```

Yaani mhitimu asiye na ajira, mchapakazi, anatafuta kazi yoyote. Ujumbe ulianza kuingia wiki hiyohiyo. Wa kwanza alikuwa mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa ajira wa kampuni ya madini. "Hongera dada, jina lako limepita," akaandika, kisha akamtaka atume shilingi 45,000 za fomu na kupima afya kabla ya saa kumi jioni, kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Wa pili alimwalika kwenye semina ambayo mwisho wake ilikuwa biashara ya mtandao, na kiingilio chake ni kununua boksi la virutubisho. Wa tatu alimwahidi kazi za ndani Uarabuni na kumwomba ampigie picha pasipoti. Neema hakuwa mjinga, lakini yule wa kwanza alimkaribia sana, kwa sababu mama yake alikuwa tayari ameshatoa elfu thelathini.

Watu wengi wakisikia kisa kama hiki husema mitandao imejaa matapeli, wakaishia hapo. Mimi nadhani tunapaswa kuuliza wale watatu walimpataje binti wa Makambako ambaye hawajawahi kumwona. Walimpata kwa njia ileile ambayo mwajiri angempata. Kwenye LinkedIn mtu huandika maneno katika kisanduku cha kutafutia, na wasifu wenye maneno hayo unajitokeza. Anayeishi kwa kuwakamua wenye shida huandika maneno ya shida: sina ajira, natafuta kazi yoyote. Neema alikuwa ameyaweka hayo mahali panapoonekana kuliko pengine pote.

Sasa tazama upande wa pili. Msimamizi wa kituo cha kufungashia parachichi mjini Njombe anajiandaa na msimu. Anahitaji mtu wa kupima matunda kabla hayajapakiwa kwenye kontena. Akifungua simu kutafuta, hataandika "mchapakazi", kwa sababu kila mtu anajiita hivyo na neno hilo halimwambii kitu. Ataandika jina la zao, jina la kazi, au jina la utaratibu unaofuatwa kiwandani. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa kwenye mstari wa Neema, ingawa kazi yenyewe alikuwa ameifanya kwa mikono yake.

Aliyemwamsha ni mama mmoja aliyemsimamia wakati wa mafunzo ya vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi. Aliuona ule mstari, akampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, ulipokuwa kwetu, asubuhi ukifika ulikuwa unaanza na nini?"

"Nilikuwa napima matunda kama yamekomaa."

"Kwa vipi?"

Neema akaeleza. Unachukua matunda machache kutoka kila shehena, unamenya, unakata nyama yake vipande vyembamba, unapima gramu 10 kwenye mizani ndogo. Unaviingiza kwenye maikrowevu kidogokidogo, unatoa, unapima, unarudisha, mpaka uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 2.4, ukavu wa tunda ni asilimia 24. Kwa parachichi aina ya Hass, kiwango cha kimataifa hakitaki chini ya asilimia 21, na wanunuzi wengi huomba zaidi ya hapo. Tunda lililochumwa changa haliivi vizuri: linanyauka na kuwa kama mpira, na mnunuzi wa ng'ambo analigundua baada ya wiki kadhaa za safari ya baharini, wakati hasara imeshakuwa kubwa.

"Haya yote unayajua," mama akasema, "halafu umeandika kazi yoyote?"

Kituoni kwake nafasi hazikuwepo, lakini alikaa naye kwenye simu wakaurekebisha mstari. Kwanza Neema alitaka kujiita meneja wa ubora. Mama akakataa: hajawahi kuwa meneja, na swali la kwanza la usaili lingemwangusha. Kisha Neema akataka kuandika kwamba ana cheti cha HACCP, ule utaratibu wa kutambua na kudhibiti hatari za usalama wa chakula katika kila hatua ya uzalishaji. Cheti hana. Alichofanya ni kujaza kumbukumbu zake kila siku wakati wa fildi, na hicho ndicho kilichoandikwa:

```
Food Quality & Safety | Avocado packhouse: dry matter testing, grading, HACCP records | BSc Food Science & Technology, SUA | Njombe
```

Ni herufi 131, nafasi na alama zikihesabiwa, na mtandao unaruhusu 220. Kimetangulia kile anachokifanya, ubora na usalama wa chakula. Zikafuata kazi halisi alizozifanya kwenye kituo cha parachichi: kupima ukavu wa tunda, kupanga madaraja, kutunza kumbukumbu. Shahada imekuja baada ya kazi, na mkoa umekaa mwisho. Mpangilio huo una sababu. Kwenye simu, mtu anapotafuta au anaposoma maoni yako chini ya habari fulani, mstari hukatwa na huonekana mwanzo wake tu. Neno muhimu likikaa mwishoni, linaonekana na wale waliokwisha kukufungua, na hao tayari unao.

Walibadilisha na mambo mengine mawili. Sehemu ya makazi, ambayo ilikuwa bado Morogoro, wakaihamishia Njombe, kwa sababu waajiri wanaweza kuchuja kwa eneo, na mwenye kituo Njombe hapendi kumlipia mtu nauli na nyumba kama aliye jirani yupo. Pia ile duara ya kijani yenye #OpenToWork iliyozunguka picha yake waliiondoa machoni pa watu wote. Mtandao unaruhusu taarifa hiyo ionekane kwa wanaotumia huduma ya kutafuta wafanyakazi tu. Najua kuna wanaosema duara hiyo inasaidia, na kwa mtu mwenye uzoefu mrefu huenda ni kweli. Kwa binti aliyekwisha kuandamwa na matapeli, ningemshauri kama mama yule.

Kilichofuata kinawashangaza wengi: ujumbe ulipungua. Kwa wiki mbili karibu kila kitu kilinyamaza, na Neema alishawishika kurudisha maneno ya zamani. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanapima kwa idadi. LinkedIn humwonyesha mwenye akaunti ametokea mara ngapi kwenye utafutaji wa watu, na wakati mwingine humwonyesha pia wanaomtafuta wanafanya kazi wapi na wana vyeo gani. Neema alipotazama, akaona wasimamizi wa ubora na watu wa kampuni za kilimo. Zamani hawakuwemo.

Kisha ukaja ujumbe huu: "Habari za kazi dada. Nimeona umepima ukavu wa parachichi. Mlikuwa mnatumia oveni au maikrowevu? Na sampuli mlichukua matunda mangapi kwa shehena?"

Usome tena ujumbe huo. Hauna hongera, hauna haraka, hauna pesa. Una swali ambalo mtu asiyefanya kazi hiyo hawezi kuuliza, na ambalo asiyeijua hawezi kujibu. Ndivyo mtu wa kweli anavyojitambulisha. Tapeli hakuulizi kuhusu kazi yako kwa sababu haihitaji, anachohitaji ni njaa yako. Kuhusu pesa, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka wazi kwamba kimsingi wakala wa ajira hapaswi kumtoza mtafuta kazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Wakala anayeomba pesa ya fomu kabla hujaiona ofisi ameshakuonyesha yeye ni nani.

Neema alijibu kwa kirefu, akataja na kosa ambalo mama alimfundisha kuliepuka: kuweka moto mkali ili kumaliza haraka, vipande vikaungua na kipimo kikatoka cha uongo. Wakazungumza kwa simu, akaenda kituoni siku ya kazi, akaonyeshwa mizani, akaambiwa apime. Alipata mkataba wa msimu mmoja. Ajira ya kudumu haikuwepo, na hakuahidiwa.

Mstari huo usibebeshwe mzigo usiouweza. Kazi za serikali Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na huombwa kupitia mfumo wake wa Ajira Portal, na huko hakuna anayepita akisoma wasifu wa LinkedIn. Wenye mashine za kukoboa, viwanda vidogo vya alizeti na maduka ya pembejeo ya Makambako wengi wao huajiri kwa kuulizana. Kwa hao, Neema aliyaandika maneno yaleyale kwa Kiswahili juu kabisa ya CV yake, na kwenye sehemu ya maelezo ya WhatsApp: mpimaji wa ubora wa parachichi na vyakula, SUA, Makambako. Mwenye kiwanda kimoja cha alizeti aliisoma hapo namba yake ilipopitishwa kwenye kundi la wafanyabiashara, akampigia kuuliza kama anaweza kumsaidia kupima unyevu wa mbegu kabla ya kukamua. Neema akamwambia ukweli, kwamba mbegu hajazipima tangu maabara ya chuo, lakini mashine yake anaijua. Wakakubaliana aje Jumamosi.