Kurejea kwenye Wastani: Sababu ya Matokeo ya Ajabu Kufuatwa na ya Kawaida

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa saikolojia Daniel Kahneman alikuwa akiwahutubia wakufunzi wa marubani katika jeshi la anga la Israeli. Mada yake ilikuwa namna ya kumfunza mtu kazi ngumu, na shabaha yake ilikuwa kuwathibitishia wasikilizaji kwamba kumsifu mwanafunzi anapofanya vema kunafaa kuliko kumkaripia anapokosea. Alipokwisha kusema, mkufunzi mmoja mzoefu alisimama akampinga. Alieleza kwamba mara nyingi alikuwa amewasifu wanafunzi waliorusha ndege kwa ustadi mkubwa, na kila aliporudia kuwajaribu waliharibu. Tena alikuwa amewafokea wale waliorusha vibaya, na aghalabu mara ya pili waliboresha. Basi asiambiwe kuwa sifa hujenga na karipio hubomoa, maana aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa kinyume.

Mkufunzi yule hakusema uongo. Mambo yalikuwa hivyo hasa kama alivyoyaeleza. Kosa lilikuwa katika sababu aliyoitoa. Kahneman alichora alama kwa chaki sakafuni, akamtaka kila ofisa aipe mgongo na kuitupia sarafu mbili, moja baada ya nyingine, bila kutazama. Umbali kutoka kila sarafu hadi alama ulipimwa na kuandikwa ubaoni. Ilionekana kwamba wengi wa waliokaribia sana alama katika mtupo wa kwanza walikwenda mbali zaidi katika wa pili, na wengi wa waliokuwa mbali sana walisogea karibu. Wala hapana aliyesifiwa, wala hapana aliyekaripiwa, kati ya mtupo na mtupo.

Jambo hilo huitwa kurejea kwenye wastani, na chanzo chake ni chepesi kikishaelezwa. Karibu kila matokeo yanayopimwa yana sehemu mbili ndani yake. Ya kwanza ni ile ya kudumu: ustadi wa rubani, rutuba ya shamba, afya ya mgonjwa. Ya pili ni ya nasibu: upepo wa siku ile, usingizi wa usiku uliotangulia, kosa dogo la chombo cha kupimia. Mtu anayetokea wa kwanza miongoni mwa mamia kwa kawaida ana ustadi, lakini kwa kawaida pia nasibu ilikuwa upande wake siku hiyo. Atakapojaribiwa tena ustadi wake atakuja nao, ila nasibu hailazimiki kumfuata. Itagawiwa upya, na sehemu yake mpya pengine itakuwa ya kadiri tu. Kwa hiyo atashuka kidogo, ingawa atabaki juu ya wenzake wengi. Aliyekuwa wa mwisho naye, kwa hoja hiyo hiyo, atapanda.

Kiasi cha kurejea hutegemea ukubwa wa sehemu ya nasibu. Anayepima meza kwa futikamba leo na kesho hapati kurejea kunakoonekana, kwa kuwa nasibu karibu haimo. Anayetupa dadu na kupata sita hurejea moja kwa moja hadi wastani, kwa kuwa ustadi haumo kabisa. Mambo mengi ya maisha yamo katikati ya mipaka hiyo miwili.

Aliyegundua jambo hili ni Mwingereza Francis Galton, na yeye mwenyewe alilifikia kwa kupapasa. Mnamo mwaka 1875 aliwagawia rafiki zake mbegu za maua ya jamii ya njegere, zilizochambuliwa kwa ukubwa katika madaraja saba, wazipande na kumletea mavuno. Mbegu kubwa zilizaa mbegu kubwa, lakini si kubwa kama wazazi wake. Na ndogo zilizaa zilizozidi wazazi wake kidogo. Baadaye akaingia katika kimo cha watu, na mwaka 1886 akachapisha vipimo vya jozi 205 za wazazi pamoja na watoto wao wazima zaidi ya 900. Ili wanawake na wanaume walinganishwe, alizidisha kimo cha kila mwanamke kwa 1.08, kisha akachukua wastani wa baba na mama kuwa kimo kimoja cha wazazi. Wastani wa watu wote ulikuwa kama inchi 68 na robo. Aliona kwamba wazazi waliozidi wastani huo kwa inchi 3 walikuwa na watoto waliouzidi, kwa kadiri, inchi 2 tu.

Galton alitafuta sababu katika urithi. Alidhani kwamba mtoto harithi kutoka kwa wazazi wake peke yao, bali pia kutoka kwa mababu wa zamani ambao, kwa wingi wao, walikuwa watu wa kimo cha kawaida, na ndio wanaomvuta kuelekea katikati. Maelezo hayo yanapendeza, lakini jedwali lake lenyewe liliyapinga. Alipolisoma kwa upande wa pili, akianza na watoto warefu na kuwatafuta wazazi wao, aliona kwamba watoto waliozidi wastani kwa inchi 3 walikuwa na wazazi walioizidi kadiri ya watu kwa inchi 1 tu. Wazazi nao walirejea kwenye wastani, tena zaidi, kwa kuwa kimo kinachotokana na wastani wa watu wawili hakitawanyiki sana kama kimo cha mtu mmoja. Sasa, mzazi harithi kimo kutoka kwa mwanawe. Kuvutwa na mababu hakuwezi kueleza jambo linalotokea sawasawa hata wakati unapopinduliwa.

Hapa pana kipimo kizuri cha kumtambulisha mtafiti kama anachokiona ni badiliko la kweli au ni kurejea tu. Na asome hesabu zake kinyumenyume, kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Ikiwa waliokuwa juu mwishoni walikuwa chini zaidi hapo mwanzo, na waliokuwa chini mwishoni walikuwa juu zaidi, basi kurejea kumo humo. Yafaa pia atazame mtawanyiko wa watu wote. Katika vipimo vya Galton watoto warefu mno hawakutoweka, wala taifa halikuwa likielekea kimo kimoja. Nafasi za juu ziliachwa na wana wa warefu na kujazwa na wengine, wengi wao wakitoka kwa wazazi wa kawaida, ambao ni wengi kupita kiasi.

Katika tiba, kutolijua jambo hili kwaweza kuipa sifa dawa isiyostahili. Chukua mfano wa zahanati inayopima shinikizo la damu, lile la juu, kwa watu wazima wa mtaa mzima. Tuseme wastani wa mtaa ni milimita 130 za zebaki, na kwamba katika kila tofauti ya kipimo cha mtu na wastani huo, sehemu saba katika kumi ni za kudumu na tatu ni za siku tu: mtu amepanda mlima, ana wasiwasi, au hakulala. Zahanati inawachagua wale ambao kipimo chao ni 170 na kuwaita baada ya wiki mbili. Walikuwa wameuzidi wastani kwa 40. Saba katika kumi ya 40 ni 28. Kwa hiyo, bila kidonge hata kimoja, kadiri yao safari ya pili itatazamiwa kuwa 158.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini nasibu isiwe imewashusha wengine badala ya kuwapandisha. Bila shaka imewashusha baadhi. Kati ya waliopimwa 170 wamo ambao hali yao ya kweli ni 155 na siku ile iliwapandisha, na wamo ambao hali yao ni 185 na siku ile iliwashusha. Lakini katika mtaa watu wa 155 ni wengi mno kuliko wa 185, kwa hiyo wageni waliotoka chini ni wengi kuliko waliotoka juu. Vivyo hivyo upande wa pili: waliopimwa 100 watarudi na kadiri ya 109, ingawa hapana aliyewatibu ili wapande. Muuguzi anayewaita tena wale wa juu peke yao hawezi kuliona hilo, na hiyo ndiyo sababu hila hii hudumu miaka mingi bila kugunduliwa.

Tuseme sasa wagonjwa wale wa 170 walipewa dawa na kadiri yao ikashuka hadi 150. Anayehesabu kwa haraka ataipa dawa sifa ya 20. Njia ya kupata ukweli ni kuwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili, moja lipewe dawa na la pili vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa. Kundi la pili likishuka hadi 158, dawa imeshusha 8, na 12 zilizobaki zingeshuka hata hivyo. Kura ni ya lazima. Daktari akiwachagulia dawa wale walioonekana wazidi kuwa wabaya, ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kurejea, na ulinganisho huharibika. Faida nyingine ya kundi la kulinganishia ni kwamba nalo huonyesha mshuko wa wagonjwa waliokwisha zoea zahanati na kuacha kuogopa kipimo, jambo ambalo si kurejea kwenye wastani lakini hufanana nalo kwa nje.

Wastani wa kurejewa nao si mmoja kwa watu wote. Mgonjwa aliyetoka katika mtaa hurejea kuelekea wastani wa mtaa. Lakini aliyetoka katika kliniki ya wagonjwa wa shinikizo la damu, ambako kadiri ya wote ni 160, hataelekea 130. Kipimo chake cha 170 hakina mshangao mkubwa humo, na mshuko wake utakuwa mdogo. Mwenye kukisia lazima ajue kwanza mtu huyo ametolewa katika kundi lipi.

Penye zahanati isiyo na uwezo wa kuendesha jaribio la makundi mawili, ipo njia ya kupunguza madhara. Mtu apimwe mara mbili katika siku tofauti na wastani wa vipimo hivyo ndio utumike kumchagua. Kwa hesabu ya mfano huu, waliochaguliwa kwa wastani wa 170 wa siku mbili watarejea hadi kama 163, badala ya 158, kwa kuwa nasibu za siku mbili hupunguzana. Au, lililo bora zaidi, kipimo cha kwanza kitumike kumchagua mgonjwa na kisha kiwekwe kando kabisa. Apimwe upya kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na manufaa ya dawa yahesabiwe kuanzia kipimo hicho kipya.