Sauti Imekauka, Tatizo Liko Kifuani

Sauti ya mtu ikikwaruza kwa wiki nyingi, kila mtu humwangalia koo. Lakini daktari wa koo akichungulia kwenye zoloto na kukuta uzi wa sauti wa kushoto umelala, hausogei mgonjwa anapotamka, hushuka na uchunguzi wake hadi kifuani, katika ile nafasi iliyo kati ya mapafu mawili. Madaktari huiita mediastinamu.

Mbele nafasi hiyo imekingwa na mfupa wa kidari, nyuma na pingili za uti wa mgongo, na chini inaishia kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Mpaka wake mkuu wa ndani msomaji anaweza kuutafuta sasa hivi. Weka kidole kwenye kibonyeo cha chini ya shingo, ukiteremshe taratibu juu ya mfupa wa kidari. Baada ya sentimita 5 hivi utagusa tuta dogo lililokatiza mfupa. Hapo ndipo ubavu wa pili unapoungana na kidari. Mstari ulionyooka kutoka hapo kwenda mgongoni hufikia kati ya pingili ya nne na ya tano za kifua. Juu ya mstari ni mediastinamu ya juu, chini yake ni ya chini. Na hiyo ya chini hugawanywa tena kwa kuutazama moyo: mbele yake, penye moyo wenyewe, na nyuma yake.

Sehemu ya mbele ni nyembamba na haina mengi. Kuna mafuta, tezi chache za limfu, na ncha ya chini ya tezi ya thaimasi, ambayo kwa mtoto ni kubwa na baada ya balehe husinyaa.

Sehemu ya kati ina moyo ndani ya mfuko wake, pamoja na mizizi ya mishipa mikubwa inayoingia na kutoka moyoni. Nyuma yake hupita umio unaoshusha chakula, aota inayoteremka kuelekea tumboni, na mfereji mkuu wa limfu. Umio na chumba cha juu cha kushoto cha moyo vimegusana kabisa, vimetengwa na mfuko wa moyo tu. Kwa sababu hiyo daktari akitaka kuukagua moyo kwa karibu, humwingizia mgonjwa kifaa cha eko kupitia umio.

Sehemu ya juu ndiyo yenye msongamano. Humo mna upinde wa aota na matawi yake matatu yanayopeleka damu kichwani na mikononi, vena kubwa zinazoirudisha, koo la pumzi, umio, sehemu ya thaimasi, na neva kadhaa. Mojawapo ya neva hizo ina njia ya ajabu. Neva ya sauti ya kushoto hushuka kutoka shingoni hadi kifuani ikiwa ndani ya neva ya vagasi, hujitenga nayo, hupita chini ya upinde wa aota, kisha hupanda tena hadi kwenye zoloto ikifuata mfereji ulio kati ya koo la pumzi na umio. Mwenzake wa kulia hugeukia juu zaidi, chini ya mshipa unaokwenda mkono wa kulia, wala hashuki hadi kwenye aota. Ndiyo maana uvimbe wa kifuani huiumiza zaidi ya kushoto.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 30 aliyeugua homa ya baridi yabisi utotoni. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoki, na baada ya miaka mingi inaweza kuacha makovu kwenye vali ya mitrali. Kwa mtu mzima mwenye afya tundu la vali hiyo huwa na eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Likipungua hadi 1.5 au chini ya hapo, hali huhesabiwa kuwa kali. Damu hushindwa kupita vizuri, chumba cha juu cha kushoto hutanuka, na shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye mishipa ya mapafu.

Mwanamke huyu ataanza kuhema akipanda ngazi, kisha atashindwa kulala chali. Chumba kilichotanuka kinaweza kuusukuma umio ulio nyuma yake, tonge likawa gumu kumeza. Hapo juu, mshipa mkuu wa mapafu uliovimba unaweza kuibana neva ya sauti dhidi ya aota, na sauti ikakauka. Mwaka 1897 daktari Norbert Ortner wa Vienna aliwaeleza wagonjwa wa aina hiyo, na tatizo hilo bado lina jina lake. Yeye alidhani ni chumba cha moyo chenyewe kinachoikandamiza neva. Maelezo ya baadaye yaliuelekeza mkono zaidi kwenye mshipa wa mapafu.

Eksirei ya kifua itaonyesha moyo uliopanuka, na eko itapima tundu la vali. Vali ikipanuliwa au kubadilishwa mapema, sauti huweza kurudi. Neva ikibanwa kwa muda mrefu, hairudi kwa uhakika.

Si ugonjwa wa moyo pekee unaofika hapo. Saratani ya pafu la kushoto, uvimbe wa aota, na tezi za limfu zilizovimba kwa kifua kikuu zote huweza kuigusa neva hiyohiyo. Kwa hiyo ukiona sauti yako imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda ukapimwe koo. Na ukiambiwa uzi wa kushoto umepooza bila sababu kuonekana kooni, omba kifua nacho kipigwe picha.