Njia Mbili kwa Kila Chumba: Mpango wa Familia wa Kutoka Ghorofani Moto Ukizuka

Mpango wa kujiokoa na moto katika nyumba ya ghorofa una hatua mbili. Ya kwanza ni kutoka chumbani hadi mlango mkuu wa nyumba, na ya pili ni kutoka mlango huo hadi chini, nje ya jengo. Familia inayoishi nyumba ya chini inaweza kuziunganisha, kwa sababu mlango na madirisha yake hufunguka uani moja kwa moja. Anayeishi juu hana nafasi hiyo. Dirisha la ghorofa ya tatu halimfikishi mtu chini, kwa hiyo kanuni ya njia mbili kwa kila chumba inahitaji kufikiriwa upya: njia ya kwanza ni ya kutoka, na ya pili mara nyingi ni ya kufika mahali penye hewa safi ambapo mtu anaweza kuonekana na kungoja waokoaji.

Kazi huanza kwa karatasi na kalamu. Nyumba huchorwa kama inavyoonekana kutoka juu, kwa kuonyesha kuta, milango, madirisha, roshani na ngazi za jengo. Mchoro hauhitaji vipimo. Baada ya hapo, mtu huingia kila chumba akiwa na karatasi hiyo, na kila njia anayotaka kuichora huifungua kwanza kwa mkono wake. Dirisha lililopakwa rangi likagandamana na fremu, au lenye kitanda au kabati mbele yake, halihesabiwi kuwa njia mpaka lirekebishwe.

Mfano wa nyumba moja

Chukua nyumba ya vyumba vitatu katika ghorofa ya tatu ya jengo la Dar es Salaam, lenye ngazi moja tu katikati. Wanaishi humo baba, mama, bibi, watoto wawili na dada wa kazi. Mlango mkuu unaingia sebuleni, na sebule ina roshani inayotazama barabara. Kutoka sebuleni kuna korido inayoelekea vyumba vya kulala, na mwishoni mwa korido ndipo lilipo jiko. Nyuma ya jiko kuna roshani ndogo ya kufulia. Dada hulala chumba kimoja na watoto, na dirisha lao linafunguka kwenye roshani hiyo. Madirisha yote yana nondo, na mlango mkuu una geti la chuma ambalo usiku hufungwa kwa kufuli.

Sebule ina njia mbili bila taabu: mlango mkuu na roshani ya mbele. Jiko nalo lina mbili, yaani korido na roshani ya nyuma. Chumba cha watoto kina mlango wa koridoni, na kinaweza kuwa na dirisha la kutokea roshani ya nyuma iwapo nondo zitafunguka. Chumba cha wazazi na cha bibi vina mlango mmoja kila kimoja, na madirisha yanayotazama hewani, mita nyingi juu ya ardhi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Njia mbili haziwi mbili kama zote zinapita mahali pamoja pa hatari. Moto ukianzia sebuleni, mlango mkuu hauna faida, na walio chumba cha watoto hutegemea roshani ya nyuma. Ukianzia jikoni, roshani hiyo haifai, hasa kama mtungi wa gesi umewekwa pale, lakini korido ya kwenda sebuleni bado inaweza kupitika. Chumba cha watoto kimekaa vizuri kwa sababu njia zake zinaelekea pande zinazopingana. Kwa hiyo kila chumba huulizwa maswali mawili: moto ukiwa jikoni wanapita wapi, na ukiwa sebuleni wanapita wapi? Chumba kinachokosa jibu kwa swali mojawapo bado hakina njia ya pili.

Vyumba vya wazazi na bibi vinakosa jibu moto ukiwa sebuleni, ila kama watawahi kupita koridoni kuelekea nyuma kabla moshi haujaijaza. Wakichelewa, njia yao ya pili ni kubaki chumbani kwa utaratibu maalumu: mlango umefungwa, upenyo wa chini umezibwa, na dirisha liko tayari kufunguliwa. Jambo hilo huandikwa kwenye mchoro wazi wazi, ili usiku wa moto asitokee mtu wa kujaribu kuruka.

Nondo, geti na kufuli

Nondo za dirisha huzuia mwizi kuingia, na kwa nguvu ileile humzuia mwenye nyumba kutoka. Dawa yake ni sehemu ya nondo iliyotengenezwa kama kijimlango chenye bawaba, kinachofungwa kwa komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Fundi wa kuchomelea anaweza kuikata na kuiunga upya katika nondo zilizopo. Ili mwizi asiingize mkono na kulifikia komeo, huchomelewa kibati cha chuma kulizunguka upande wa nje. Nafasi inayobaki wazi iwe na upana usiopungua sentimita 50 na kimo kisichopungua 60, na ni bora moja kati ya vipimo hivyo izidi sana ili mtu mzima apite bila kukwama. Kwenye nyumba ya mfano, kijimlango hicho kinahitajika kwanza katika dirisha la watoto linalotokea roshani.

Geti la mlango mkuu lina shida nyingine. Kufuli linahitaji ufunguo, na ufunguo unahitaji kutafutwa gizani, katikati ya moshi. Komeo la kugeuza kwa mkono upande wa ndani ndilo bora. Palipo na kufuli, ufunguo wake hukaa kwenye msumari mmoja karibu na mlango, mbali na mkono wa mtu aliye nje lakini ndani ya uwezo wa mtoto mkubwa kuufikia. Haukai mfukoni mwa baba wala chini ya mto wa mama.

Moshi na milango

Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba hudhurika kwanza na moshi. Moshi wa moto hupanda hadi dari, ukatanda, kisha ukateremka kidogo kidogo ukijaza chumba kutoka juu. Ndiyo sababu anayepita kwenye moshi huinama au kutambaa, kwani hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango, hugusa ubao na kitasa kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto, au moshi ukipenya pembeni, mlango huo haufunguliwi, na njia ya pili ndiyo hutumika.

Mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi kwa dakika za thamani kubwa. Januari 2022, katika jengo la ghorofa 19 huko Bronx, New York, hita ya umeme ilisababisha moto katika nyumba moja ya ghorofa za chini. Wakaaji wake walitoroka, lakini mlango wao, uliotakiwa kujifunga wenyewe, ulibaki wazi. Moshi ukatoka, ukaingia ngazini na kupanda juu. Watu 17 walikufa kwa moshi, ingawa miali ya moto yenyewe haikwenda mbali na nyumba ilipoanzia. Kwa hiyo mpango wa familia huwa na sharti hili: wa mwisho kutoka huvuta mlango ukafunga, bila kuugeuzia ufunguo. Usiku, milango ya vyumba vya kulala hufungwa pia, na king'amua moshi huwekwa darini koridoni ili walio ndani wapate kuamka.

Kutoka mlangoni hadi chini

Lifti haitumiwi, kwa sababu umeme unaweza kukatika na watu wakanaswa ndani, na moshi huweza kupanda kwenye tundu lake. Ngazi ndiyo njia, na mwelekeo ni chini. Kukimbilia juu ya paa ni kamari, kwani mlango wa paa mara nyingi hufungwa, na moshi huelekea hukohuko.

Jengo likiwa na ngazi mbili, familia hutembea zote na kuhesabu mizunguko hadi chini, na kuhakikisha kwamba mlango wa ngazi ya pili haufungwi kwa kufuli wala haukugeuzwa stoo. Kwenye jengo la ngazi moja, kama la mfano, swali ni la kufanya nini ngazi ikijaa moshi. Hapo hairuhusiwi kujaribu bahati. Familia hurudi ndani, hufunga mlango mkuu, hukusanyika katika chumba kilicho mbali na moshi chenye dirisha la kutazama barabara, na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo zilizoloweshwa. Dirisha hufunguliwa kidogo kama nje hakuna moshi. Kioo hakivunjwi, maana moshi ukija kutoka ghorofa ya chini, dirisha litahitaji kufungwa tena. Kisha hupigwa simu ya zimamoto, ambayo Tanzania ni 114 na Kenya 999 au 112, ikitajwa mtaa, jengo, ghorofa, namba ya nyumba na idadi ya watu waliomo. Kitambaa cheupe au tochi dirishani huonyesha walipo.

Mahali pa kukutania

Mahali pa kukutania ni kitu kimoja kisichohama, kinachojulikana hata na mtoto mdogo: mwembe wa ng'ambo ya barabara, au duka la pembeni. Gari lililoegeshwa halifai, kwa kuwa linaweza kuondoka. Pawe mbali na jengo kiasi cha kutofikiwa na vioo vinavyoanguka, lakini wanafamilia waonane. Pasiwe kwenye geti la jengo wala karibu na bomba la zimamoto, maana ndipo magari ya waokoaji yatakaposimama, na asiwepo mtu wa kuvuka barabara kubwa kwa haraka ili kupafikia.

Kazi ya mahali hapo ni kuhesabu. Familia ya mfano ina watu sita, na namba hiyo ndiyo inayotafutwa. Wakiwa watano, hakuna anayerudi ndani. Mmoja humwendea askari wa zimamoto na kumweleza nani hayupo, alikuwa chumba gani na kipo upande gani wa jengo.

Nani amshike nani

Bibi hawezi kushuka ngazi haraka, na mtoto mdogo huweza kujificha chini ya kitanda akiogopa. Kwa hiyo kila asiyejiweza hupewa mtu wake: baba kwa bibi, dada kwa watoto, na mama kwa ufunguo na mlango. Kila jukumu huwa na mbadala, kwani baba anaweza kuwa safarini na dada huenda likizo.

Zoezi hufanywa angalau mara mbili kwa mwaka, na moja liwe usiku taa zikiwa zimezimwa. Mzazi hutangaza moto uko wapi, na kila mmoja hutumia njia inayofaa kwa moto huo. Saa huhesabu kuanzia king'ora hadi mtu wa sita anapofika mwembeni. Mapengo huonekana hapo: komeo limeshika kutu, ufunguo hauko msumarini, bibi amechukua muda mrefu kutafuta miwani. Kila pengo lina tiba yake, kama mafuta kwenye komeo, ufunguo wa akiba, au miwani na tochi kando ya kitanda. Mchoro hurekebishwa kila mara fundi anapoweka nondo mpya, samani zinapohamishwa au mtu anapohamia ndani.