Mstari Uliokosekana

Jirani yangu ni mshonaji katika kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Kazi yake ni kuunga kola za mashati, na mwezi ule kiwanda kilikuwa na oda kubwa ya sare, kwa hiyo laini nzima ilikuwa ikichelewa kutoka. Siku ya mshahara alinijia barazani jioni, nyuzi nyeupe zimemganda mabegani, akanikabidhi slipu yake.

"Dada, hebu soma na wewe. Isije ikawa ni macho yangu."

Mshahara wa msingi ulikuwa shilingi 312,000. Ukafuata mstari wa posho ya usafiri, kisha makato: NSSF, kodi, ada ya chama. Akatoa na slipu ya mwezi uliotangulia, tukaziweka pamoja. Ile ya zamani ilikuwa na mstari wa saa za ziada kati ya posho na makato. Mpya haikuwa nao kabisa. Haikuandikwa hata sifuri.

Hilo lilinipa fununu. Mhasibu akipokea saa za mtu kisha akakosea hesabu, mstari huonekana ukiwa na kiasi kisicho sahihi. Mstari usipochapwa kabisa, mara nyingi ina maana kwamba saa zenyewe hazikumfikia. Kwa hiyo swali la kwanza likawa: karatasi imepotelea wapi?

Jirani yangu ana daftari dogo analoliweka kwenye mfuko wa chakula. Kila jioni, kabla ya kupanda daladala, huandika tarehe, saa aliyotoka na laini aliyofanyia kazi. Siku zake za kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, ukitoa saa moja ya kula. Jumamosi hutoka saa sita na nusu mchana. Hizo ni saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwezi ule alibaki hadi saa kumi na mbili na nusu kwa jioni kumi na moja. Saa mbili mara kumi na moja ni saa 22.

Lakini hakutakiwa kudai saa 22 kwenye slipu ile. Kiwanda chake hufunga hesabu tarehe 20, na jioni tatu za mwisho zilikuwa baada ya hapo. Hizo saa 6 zilikuwa za mwezi unaofuata. Zilizokosekana kwa hakika ni saa 16. Namsifu kwa kuligundua hilo mwenyewe, maana madai mengi ya kweli hukataliwa mlangoni kwa sababu mdai amechanganya saa za miezi miwili, na mhasibu akishaona kosa moja hasomi zaidi.

Akipekua daftari, akaona jambo lingine. Tarehe 9 alihamishwa kutoka laini ya nne kwenda laini ya saba, yeye na wenzake wanne. Kiwandani kwao mashine ya kidole ya getini huonyesha nani ameingia na nani ametoka, lakini ovataimu hulipwa kwa fomu anayosaini msimamizi wa laini. Msimamizi wa laini ya nne alifuta majina yao kwenye fomu yake. Wa laini ya saba aliendelea na orodha yake ya zamani, na mle watano hao hawakuwemo.

"Basi kesho unakwenda utumishi," nikamwambia.

Akanyamaza. "Mkataba wangu unaisha Desemba, dada."

Sikuweza kumwambia kwamba hofu hiyo haina msingi. Sheria inasema kutumia haki uliyopewa na sheria si sababu halali ya kukuachisha kazi. Lakini mkataba wa muda maalumu unaweza kufika mwisho na usihuishwe, na kuthibitisha kwamba kisa ni madai yako ni kazi ngumu. Tena hakuna anayelazimika kukupa ovataimu; msimamizi akikasirika anaweza kukupanga utoke saa kumi na nusu kila siku. Aliyajua yote hayo kuliko mimi. Kilichomwamua ni wale wenzake wanne, ambao hawakuwa na daftari. Asipotoa lake, hao hawana pa kuanzia.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja usiku ule. Haikumlaumu mtu. Ilitaja jina lake, namba yake ya kazi, tarehe ya kuhamishwa, zile jioni nane pamoja na saa alizotoka, ikaomba zilinganishwe na kumbukumbu za mashine ya kidole. Alitoa nakala mbili, akaomba ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Nyingine akampa mwenyekiti wa tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, mama anayefanya kazi chumba cha kupiga pasi.

Siku ya nne aliitwa. Mhasibu alikuwa ameshakagua mashine, na saa zote 16 zilionekana. "Tutakulipa 31,200 pamoja na mshahara ujao," akamwambia. Hapo wengi tungeshukuru na kuondoka. Yeye alitoa simu, akagawa 31,200 kwa 16. Ikaja 1,950. Akauliza namba hiyo imetoka wapi.

Ilitoka hapa: mshahara wa msingi uligawanywa kwa saa 240, yaani siku 30 mara saa 8, ikapatikana 1,300 kwa saa, kisha ikazidishwa mara moja na nusu. Ile moja na nusu ni sahihi, ndicho kiwango cha chini cha sheria kwa saa za ziada. Kosa liko kwenye 240. Hakuna mtu anayefanya kazi siku 30 kwa mwezi. Jedwali la Kwanza la sheria ile linahesabu mwezi kuwa wiki 4.333; ukizidisha kwa saa 45 unapata saa 195. Shilingi 312,000 kugawanya kwa 195 ni 1,600, na mara moja na nusu ni 2,400. Saa 16 ni 38,400.

Tofauti ni shilingi 7,200. Lakini jioni ile tuliirudia slipu ya zamani, ile tuliyodhani haina kosa. Saa 14, shilingi 27,300. Akagawa: 1,950.

Kumbe mstari uliokuwepo nao ulikuwa na upungufu, na si wake peke yake. Kesho yake wakati wa chakula wanawake wa laini ya saba walikaa chini ya mwembe wa kiwandani na slipu zao, kila mmoja akigawa kwa simu, na mwenyekiti wa tawi akiandika majibu kwenye boksi la vifungo.

Barua ya pili iliandikwa kwa jina la tawi. Mwenyekiti alihesabu siku kwa makini, kwa sababu mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukichelewa ni lazima kwanza uombe kusamehewa ucheleweshaji. Akachukua fomu, CMA F1, akaiweka tayari kwenye bahasha.

Fomu haijajazwa. Slipu iliyofuata ilitoka na mistari miwili ya saa za ziada, mmoja ukiwa wa malimbikizo: saa 16, shilingi 38,400. Wale wanne nao walilipwa. Kuhusu nyongeza ya miezi ya nyuma, uongozi umeomba wiki mbili. Jirani yangu ameandika tarehe ya ombi hilo kwenye daftari lake, na chini yake ameandika tarehe ambayo zile siku 60 zinakwisha.