Unga wa Ndani Uuzwe Bei Gani?

Kampuni ikiwa na kinu cha ngano na kiwanda cha mikate, na kila meneja akipimwa kwa faida ya idara yake, ugomvi wa bei hauchelewi kuzuka. Wa kinu anataka unga wake ulipiwe vizuri, wa mikate anautaka kwa bei nafuu. Fedha zote ni za kampuni moja, lakini bei watakayokubaliana ndiyo itakayoamua kama unga utanunuliwa ndani au nje.

Tuchukue mfano. Kinu huuza nje mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 80,000. Ngano, umeme na mfuko wenyewe hugharimu 56,000, na kumfikishia mteja wa nje ni 4,000 zaidi. Kiwanda cha mikate kipo uani, hakihitaji gari. Kinataka mifuko 200 kwa mwezi, na muuzaji wa nje yuko tayari kukiletea kwa 75,000.

Mashine za kinu zikiwa zinakaa bure siku kadhaa kila mwezi, kusaga mifuko hiyo hakumnyimi mteja yeyote unga. Bei ya chini ambayo kinu kinaweza kukubali ni 56,000 tu. Ya juu kwa kiwanda cha mikate ni 75,000, kwa kuwa juu ya hapo kitakwenda nje. Ila kama mikate ya mfuko mmoja, baada ya kutoa gharama nyingine za kuioka na kuiuza, inabakiza 70,000, basi kikomo ni hiyo 70,000. Popote kati ya mipaka hiyo, kampuni inafaidika.

Hapa ndipo mameneja wengi hukosea. Wa kinu huongeza kodi ya jengo, mishahara ya ofisini na faida kidogo, akataja 78,000. Mwenzake anakwenda nje. Kodi na mishahara italipwa vilevile, na kampuni imetoa 75,000 kwa unga ambao ungeigharimu 56,000. Kwa mifuko 200, hasara ni shilingi 3,800,000 kila mwezi, ingawa kwenye vitabu vya kinu haionekani.

Sasa tuseme wateja wa nje wanamaliza unga wote. Kila mfuko unaokwenda uani unamkosesha mteja mmoja, na pamoja naye faida ya 20,000. Faida hiyo huongezwa kwenye gharama, na bei ya chini inakuwa 76,000. Imepita 75,000 ya nje, kwa hiyo kiwanda cha mikate kinunue nje. Kukilazimisha kununua ndani kungeipotezea kampuni 1,000 kwa kila mfuko.

Ikiwa nafasi iliyobaki ni ya mifuko 100 tu, 100 ya kwanza ihesabiwe kwa 56,000, na mingine 100 inunuliwe nje.

Kwa hiyo bei ya ndani isiandikwe mara moja ikaachwa miaka. Msimu wa kinu kujaa oda ukifika, mhasibu aipige hesabu upya kabla mameneja hawajakaa mezani.