Nembo Mbili, Mfuko Mmoja wa Mbegu

Mwaka 2009, wakulima wapatao 200 wa Laikipia, Kenya, walinunua mbegu ya mahindi pamoja na bima ya mvua, kitu ambacho maduka ya pembejeo hayakuwa yakiuza. Mpango huo uliitwa Kilimo Salama. Ulianzishwa na Wakfu wa Syngenta wa Kilimo Endelevu pamoja na kampuni ya bima ya UAP na kampuni ya simu ya Safaricom. Ulipopanuliwa mwaka uliofuata, kampuni ya mbolea ya MEA nayo ilikuwamo.

Kwa mkulima, mambo yalikuwa mepesi. Mwenye duka alipiga picha ya msimbo uliochapwa kwenye mfuko kwa kutumia simu yake, akaingiza namba ya mteja, na mkulima akapokea ujumbe wa kuthibitisha kwamba amekatiwa bima. Ada ilikuwa asilimia 10 ya bei ya pembejeo, nusu akilipa mkulima, nusu kampuni ya pembejeo. Tuseme amenunua mbegu na mbolea za shilingi 6,000: angeongeza shilingi 300, na kampuni ikaweka 300 nyingine. Kituo cha hali ya hewa kilichokuwa jirani kilipima mvua na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Mvua ikipungua kuliko kiwango kilichokubaliwa, fidia ilitumwa kwa M-Pesa, bila afisa yeyote kufika shambani kukagua.

Bila mtandao wa simu, bima ya mfuko mmoja wa mbegu isingewezekana, kwa sababu gharama ya kumfikia mkulima mmoja mmoja ingeimeza ada yote. Ndiyo maana kampuni za simu na za pembejeo huvutiwa kushirikiana. Ya simu hupata wateja wapya vijijini, na ya pembejeo hupata njia ya kuzungumza na mkulima moja kwa moja. Lakini kampuni mbili zikishaweka majina yao pamoja, kila moja huanza kubeba deni la uaminifu la mwenzake, na hapo ndipo wengi hawaangalii vya kutosha.

Sababu kubwa ni muda. Huduma ya simu hujulikana ubora wake papo hapo. Ukituma pesa na zisifike, unajua dakika ileile, unapiga simu kwa huduma kwa wateja, na mara nyingi kosa hurekebishwa siku hiyohiyo. Mbegu haina hukumu ya haraka namna hiyo. Kuota kwake utakujua baada ya wiki moja au mbili, na mavuno yake baada ya miezi kadhaa. Ikiwa imekuangusha, msimu umeshapita na hakuna kitufe cha kurudisha muamala. Mkulima aliyezoea kupata jibu la haraka kutoka kwa mtandao wake atalitaka jibu hilohilo kuhusu mbegu, na mtandao hautakuwa nalo.

Chukua mfano wa mkulima aliyepata ujumbe wenye jina la kampuni ya simu ukimshauri anunue mbegu fulani. Akapanda, na nusu tu ya mashimo ndiyo yaliyoota. Huenda mbegu ilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Huenda ilikaa miezi mingi dukani chini ya bati lenye joto kali. Huenda mfuko ni bandia. Huenda alifukia mbegu kwa kina kirefu, au mvua ilikatika baada ya kupanda. Mpokea simu wa kampuni hawezi kujua ni lipi kati ya hayo.

Hata hivyo, kuna namna ya kupambanua. Mbegu 100 zilizobaki mfukoni zikiviringishwa katika kitambaa chenye unyevu, ndani ya wiki moja unaweza kuhesabu zilizoota. Zikiota vizuri, tatizo liko shambani. Zisipoota, shaka inarudi kwenye mbegu au mahali ilipohifadhiwa. Kuhusu mfuko bandia, mifuko ya mbegu iliyothibitishwa nchini Kenya ina kibandiko cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayosimamia afya ya mimea. Mkulima hukwangua kibandiko na kutuma namba iliyojificha kwenda 1393 ili kujua kama mbegu ni halali. Katika huduma hiyo simu na mbegu zimeungana pia, ila anayetoa neno la mwisho ni mdhibiti asiyeuza chochote kati ya hivyo viwili.

Hatari ya pili imo ndani ya jina lenyewe. Kilimo Salama lilikuwa jina zuri, lenye kukumbukwa, na kwa kuwa halikuwa jina la kampuni yoyote, liliwapa washirika nafasi ya kupumua. Ila lilisema mengi kuliko mkataba. Bima ile ilikuwa ya hali ya hewa. Mwezi Septemba 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, kule Bomet. Ugonjwa huo huyakausha mahindi hata mvua ikiwa nzuri, na kipimo cha mvua hakiwezi kuuona. Pia mvua inaweza kunyesha kituoni na kupita pembeni ya shamba la mtu aliye kilomita chache tu. Mkulima wa namna hiyo amepoteza mazao, hana fidia, na kwenye risiti yake pameandikwa neno "salama". Katika hali hiyo hakuna aliyevunja mkataba, lakini kampuni zote zilizoweka nembo pale zimepoteza imani yake.

Kwa kampuni ya pembejeo kuna hatari nyingine: kumezwa. Mtandao wa simu hutajwa kila siku, mbegu hutajwa mara moja au mbili kwa mwaka. Baada ya misimu michache, wateja huanza kusema "mbegu ya mtandao ule", na wenye laini za mtandao mwingine huona haiwahusu. Pembejeo zikitolewa kwa mkopo, ujumbe wa kudai huja wakati mkulima anahesabu hasara, na jina la mbegu linageuka jina la mdai.

Mwisho, ushirikiano huisha. Mwaka 2014 Kilimo Salama ikawa kampuni inayojitegemea iitwayo ACRE. Safaricom nayo ilizindua DigiFarm mwaka 2017, ambapo wakulima walichukua pembejeo kupitia vituo vya iProcure. Mwaka 2024 iProcure yenyewe iliwekwa chini ya msimamizi. Mshirika anapoondoka, lazima ijulikane jina ni la nani, orodha ya namba za wakulima inabaki wapi, na madai ya msimu uliokwisha yatajibiwa na nani.

Maswali hayo yanapaswa kuwa na majibu kwenye karatasi kabla ya kuchapisha mfuko wa kwanza. Kwenye mfuko, kila nembo iandikiwe kazi yake kwa maneno ya kawaida: huyu anatengeneza mbegu, huyu anapeleka ujumbe na malipo, huyu analipa fidia mvua ikipungua, na magonjwa hayamo. Wapokea simu wa mtandao wapewe namba ya bwana shamba wa kampuni ya mbegu, na sampuli ya kila kundi la mbegu lililouzwa itunzwe hadi baada ya mavuno, ili malalamiko yakija yapimwe. Kampuni isiyo tayari kutunza sampuli hiyo haijawa tayari kuazima jina la mwenzake.